Ritifaa Mbili Katika Mpango Mmoja wa Majaribio

Mchana mimi ni mjaribu programu. Maana yake ni kwamba wenzangu wakishamaliza kutengeneza kitu, mimi natafuta namna ya kukivunja kabla hakijamfikia mtu wa kawaida. Kabla ya kuanza kuvunja, naandika mpango wa majaribio: tutajaribu nini, kwa vifaa gani, kwa mpangilio upi, na matokeo gani yatahesabika kuwa mazuri. Mpango huo husomwa na mkaguzi, na mkaguzi si lazima awe mtu wa kompyuta. Ni andishi kavu, nakubali. Lakini kuna kurasa mbili ndani yake ambazo nimekuja kuzipenda kama ninavyopenda dibaji nzuri, nazo ni zile za makisio ya jukwaa.

Jukwaa hapa si la mwigizaji. Ni vyote vilivyo chini ya programu ambavyo sisi hatukuvitengeneza: simu na toleo la mfumo wake, kibodi, kivinjari, seva, namna diski inavyohifadhi majina ya faili, saa ya mashine. Hakuna timu inayoweza kupima yote hayo. Kwa hiyo tunakisia. Tunasema moyoni, "bila shaka simu zitafanya hivi," kisha tunajenga majaribio juu ya hilo bila shaka. Kukisia hakuna ubaya, kazi isingekwenda bila hilo. Shida ni kisio lililojificha ndani ya sentensi inayojiamini.

Na Kiswahili chetu, msomaji, kina mahali pengi pa kujificha. Tazama mipango ya majaribio iliyoandikwa na watu wenye haraka: "inatarajiwa kwamba programu itafanya kazi kwenye simu za Android." Inatarajiwa na nani? Kauli ya kutendwa imemfuta mtarajiaji. Au "inafahamika kuwa seva hutofautisha herufi kubwa na ndogo." Anayefahamu ni yupi, na alifahamu kwa njia gani? Mkaguzi akisoma hivyo anapita tu, kwa sababu sentensi haina mlango wa kubisha. Ndiyo maana kwenye timu yetu kila kisio hupewa namba yake, na mbele yake huandikwa neno moja kati ya manne: tumepima, tumesoma, tumeambiwa, tumedhani. "Tumepima" maana yake tulishika kifaa tukaona. "Tumesoma" ni kwamba nyaraka za mtengenezaji zinasema hivyo. "Tumeambiwa" ni neno la mwenzetu. Na "tumedhani" ni tumedhani, hakuna zaidi. Mkaguzi mwenye saa moja tu huanza na hilo la mwisho.

Nitaeleza kisio moja lilivyokwenda, kwa sababu hili ni la watu wanaopenda maandishi.

Kazi ilikuwa maktaba ya hadithi kwenye simu. Shirika dogo la uchapishaji lilikuwa na hadithi mia tatu na kitu za watoto, likataka wasomaji waweze kuzitafuta kwa neno: andika "kobe", ziletwe hadithi zote zenye kobe. Programu ya kutafuta ilikuwa nyepesi. Ilichukua herufi ulizoandika, ikaangalia kama herufi hizohizo, kwa mpangilio huohuo, zimo ndani ya hadithi. Basi. Majaribio sita, namba 11 hadi 16, yalihusu maneno yenye ng': ng'ombe, ng'oa, ng'aa, ng'ambo na mengine. Kwenye ukurasa wa makisio niliandika hivi:

"Kisio la 4. Tunadhani kwamba msomaji akiandika ng' kwenye kisanduku cha kutafuta, alama inayofika kwenye seva ni ritifaa iliyonyooka, U+0027, na kwamba alama hiyohiyo ndiyo iliyomo ndani ya hadithi. Msingi: tumedhani. Hadithi za majaribio zimechapwa kwenye laptopu ileile inayotumika kutafuta. Yanayolitegemea: majaribio 11 hadi 16. Likiwa si kweli: majaribio yatafaulu kwetu, lakini msomaji ataambiwa hakuna hadithi. Namna ya kujua: chukua hadithi halisi kutoka kwa mhariri, uitafute kwa simu za aina tofauti."

Mmoja wa wakaguzi alikuwa mhariri wa shirika lile, mwalimu mstaafu wa Kiswahili ambaye sote tulimwita Mwalimu. Mpango mzima wa kurasa kumi na tano aliusoma kwa kalamu nyekundu. Sehemu ya mzigo wa seva aliipita. Kwenye kisio la 4 akasimama, akanipigia simu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hii ritifaa iliyonyooka unayoisema hapa, umeitoa wapi? Mimi kwenye miswada yangu siioni hata siku moja. Ya kwangu imepinda kama mkia wa kiluwiluwi."

Hapo nilijua jibu lote kabla hajamaliza. Ninyi mnaoandika mtaelewa upesi. Mwandishi anaandika muswada kwenye Word. Anapobonyeza kitufe cha ritifaa, Word haiachi alama ile iliyonyooka. Inaigeuza kuwa ile iliyopinda, ambayo kwenye orodha ya herufi za Unicode ina namba nyingine, U+2019. Kwa jicho ni mapambo tu. Kwa mashine ni herufi mbili tofauti, kama a na b. Ukiziandika kwenye faili la UTF-8, ya kwanza inachukua baiti moja na ya pili inachukua tatu. Python inasema hivi, bila huruma:

```python
>>> "ng'ombe" == "ng’ombe"
False
```

Sasa tazama ubaya wa jambo. Majaribio yale sita yangefaulu yote. Hadithi za majaribio zilichapwa kwa kibodi ya laptopu, utafutaji ukafanywa kwa kibodi hiyohiyo, kwa hiyo pande zote mbili zilikuwa na ritifaa iliyonyooka na zilikubaliana vizuri sana. Jaribio ambalo maswali na majibu yake vimetoka mkono mmoja haliwezi kuliona kisio hili, hata ukilirudia mara elfu. Rangi ya kijani kwenye ripoti ingesema kweli kuhusu laptopu yangu na uongo kuhusu hadithi za Mwalimu. Kitu pekee kilichoweza kuliona ni jicho la mtu aliyekaa upande mwingine wa kazi, na jicho hilo lisingeona kitu kama sentensi isingekuwepo. Angalia pia kwamba Mwalimu hakuhitaji kujua U+0027 ni nini. Alihitaji neno "iliyonyooka" tu. Tangu hapo nasisitiza kisio liandikwe kwanza kwa Kiswahili cha mtu mzima, namba zifuate.

Hatua iliyofuata ilikuwa kulitoa kisio kwenye "tumedhani" na kulipeleka kwenye "tumepima". Mwalimu alituma folda ya hadithi zote, tukazigeuza kuwa maandishi matupu, kisha tukahesabu ni faili ngapi zina ng yenye ritifaa iliyopinda:

```
grep -il "ng’" *.txt | wc -l
```

Zilikuwa zaidi ya nusu. Lakini kilichonishangaza ni faili chache zilizokuwa na ritifaa zote mbili ndani ya hadithi moja. Mwalimu alilieleza mara moja: hizo ni hadithi ambazo mwandishi alituma kipande kimoja kwa Word na kingine kwa ujumbe wa simu, naye akavibandika pamoja. Yaani hadithi ingepatikana kwa ng'ombe wa ukurasa wa pili na kumkosa ng'ombe wa ukurasa wa tano. Ukipata malalamiko ya aina hiyo kutoka kwa msomaji, "wakati mwingine inapatikana, wakati mwingine haipatikani," shuku herufi mbili zinazofanana kabla hujaishuku seva.

Upande wa msomaji nao tuliupima. Kwenye simu ya Android tuliyokuwa nayo, kibodi ilitoa ritifaa iliyonyooka. Kwenye iPhone, ikiwa na kibodi ya Kiingereza ambayo wengi wetu huiacha kama ilivyokuja, ilitoa iliyopinda. Hapo kuna somo dogo la historia. Apple ilileta kugeuza alama kwa namna hii kwenye iOS 11, mwezi Septemba 2017, na huja ikiwa imewashwa. Mjaribu aliyeandika mwaka 2016 kwamba "iPhone hutoa ritifaa iliyonyooka, tumepima" alisema kweli tupu. Mwaka mmoja baadaye sentensi yake ilikuwa imeoza bila mtu yeyote kuigusa. Kwa hiyo kisio lililopimwa bila tarehe na bila toleo la mfumo lina thamani ndogo kuliko linavyoonekana. Mimi huliweka karibu na "tumeambiwa".

Baada ya kujua, marekebisho. Kijana mmoja wa timu, mchangamfu kweli, alisema tusihangaike: Unicode ina kanuni za kusawazisha maandishi, tuzipitishe tu hadithi kwenye NFKC na mambo yatakwisha. Nikamwambia, sawa kaka, liandike kama kisio la 4b, na mbele yake uweke neno linalostahili. Akaandika "tumedhani", kwa shingo upande, akajaribu:

```python
>>> import unicodedata
>>> unicodedata.normalize("NFKC", "ng’ombe") == "ng'ombe"
False
```

NFKC husawazisha mengi, lakini ritifaa iliyopinda inaiacha ilivyo, kwa sababu kwa wenye kanuni hizo mbili hizi ni alama tofauti kihalali. Kisio la 4b liliishi dakika tano. Sikulifuta, nililichora mstari na kuandika tarehe, ili mkaguzi mwingine asije akalipendekeza tena mwezi ujao.

Pendekezo la pili lilikuwa la hatari zaidi kwa sababu lilifanya kazi: tuziondoe ritifaa zote, pande zote mbili, wakati wa kutafuta. Ng'ombe awe ngombe kwa hadithi na kwa msomaji, ugomvi uishe. Hapa Mwalimu alipandisha sauti. Kuna ng'oa, kutoa mti na mizizi yake. Na kuna ngoa, ile ya kutimiza ngoa, tamaa ya moyo, neno ambalo wapenzi wa ushairi wanalijua. Ukifuta ritifaa, mtoto anayetafuta hadithi ya kung'oa muhogo atapata watu wenye wivu. Nilicheka, lakini aliyosema ni kipimo halisi, na ndivyo tulivyoliandika: "Kisio la 4c. Tunadhani kwamba hakuna maneno mawili ya Kiswahili yanayotofautiana kwa ritifaa peke yake. Si kweli: ng'oa na ngoa. Msingi: Mwalimu." Ndilo kisio pekee kwenye mpango wote ambalo msingi wake ni mtu, na hakuna aliyelalamika.

Tulichofanya mwishowe ni kitu cha kawaida. Kila alama inayofanana na ritifaa, yaani U+2019, mwenzake U+2018 anayepinda upande wa pili, na U+02BC ambayo wanaisimu huipenda, zinageuzwa kuwa U+0027 kabla ya kulinganisha, kwenye hadithi na kwenye swali la msomaji. Hadithi yenyewe inayosomwa haiguswi. Mwalimu asingekubali kiluwiluwi wake anyooshwe. Na majaribio 11 hadi 16 yaliandikwa upya ili kila neno litafutwe mara nne: hadithi iliyonyooka kwa swali lililonyooka, iliyonyooka kwa lililopinda, na kinyume chake. Sasa yakifaulu yanasema kitu.

Sitaki kuwaachia picha kwamba makisio yote yana utamu huu. Mengi ni ya kupita. La 7 lilisema kwamba seva hutofautisha `Jalada.jpg` na `jalada.jpg`, ilhali laptopu za watengenezaji wetu, za Windows na za macOS, kwa kawaida huyahesabu majina hayo kuwa faili moja. Hilo lilikuwa "tumepima": picha ya jalada inaonekana kwenye laptopu, ukipandisha kwenye seva ya Linux inapotea. Mkaguzi aliliona, akaweka alama ya vyema, akaendelea. Hivyo ndivyo inavyofaa. La 9 lilihusu saa, nalo lina kimzaha chake. Seva ilihesabu kwa UTC, saa tatu nyuma yetu, na programu ilionyesha "hadithi ya leo". Kisio lilisema siku mpya inaanza saa sita usiku kwa msomaji. Kwa seva, siku inaanza wakati sisi kwetu ni saa tisa usiku. Hitilafu hiyo unaweza kuiona kwa saa tatu tu, kati ya saa sita na saa tisa usiku, na hakuna mjaribu anayelipwa kuamka saa nane usiku kuangalia hadithi ya watoto. Basi tuliandika jaribio linalodanganya saa ya mashine. Nami nilijifunza kuandika "saa sita usiku" kwa maneno na 00:00 kando yake, kwa sababu mkaguzi aliyekulia nje alisoma saa 6 kwenye rasimu akaelewa alfajiri.

Kuna swali ambalo huulizwa kila mara: tuandike makisio mangapi? Kwa sababu ukitaka unaweza kuandika mia mbili. Tunakisia umeme upo. Tunakisia msomaji ana macho. Nimewahi kukagua mpango wa timu nyingine uliokuwa na makisio themanini, na nakiri kwamba kufikia la thelathini jicho langu lilikuwa linateleza. Nadhani mwandishi wake alitaka liteleze. Orodha ndefu inaficha vizuri kama vile kimya kinavyoficha. Kigezo changu ni kuuliza: kisio hili likigeuka uongo, kuna jaribio ambalo matokeo yake yatabadilika maana? Siyo litakaloshindwa, hapana. Jaribio linaloshindwa linajitangaza lenyewe. Ninayemwogopa ni jaribio linaloendelea kufaulu huku limekwisha kuwa halina maana. Kama kisio haligusi jaribio lolote la namna hiyo, nalitoa. Kwenye mpango wa maktaba tulibaki na kumi na moja, na kila moja lilitaja namba za majaribio yanayolitegemea, ili mkaguzi akilikataa ajue papo hapo ni matokeo yapi hayaaminiki tena.

Wazo la kuandika makisio ndani ya mpango si letu, na si jipya. Kiwango cha IEEE 829 kuhusu nyaraka za majaribio kilitoka mwaka 1983, na ndani ya mpango kilitenga mahali pa hatari na njia mbadala, ambapo makisio hatarishi yalitajwa. Lakini kiwango hakikufundishi sauti ya kuyaandikia. Hilo nililipata kwenye kusoma riwaya zaidi ya kwenye kusoma viwango. Msimulizi asiyeaminika humjua kwa anachokisema bila kuulizwa msingi wake, na mpango wa majaribio una msimulizi pia, hata kama amejificha nyuma ya kauli ya kutendwa.

Wiki moja kabla ya maktaba kufunguliwa, Mwalimu alirudisha nakala ya mwisho. Kwenye kisio la 4 sasa paliandikwa "tumepima", pamoja na tarehe, aina za simu na matoleo. Chini yake, kwa kalamu nyekundu, alikuwa ameongeza lake mwenyewe, kwa mtindo uleule na namba aliyoipanga yeye, 4d: kwamba tunadhani waandishi wote hutumia moja ya alama zile nne. Msingi: tumedhani. Kisha akaeleza kuwa ana waandishi wawili wazee wanaobonyeza kile kitufe cha juu kushoto kabisa, kando ya namba 1, kinachotoa alama iliyolala, na miswada yao ameipokea hivyo kwa miaka. Nilifungua moja. Ng`ombe alikuwa pale, na programu yetu haikumwona. Tukaongeza U+0060 kwenye orodha, na jaribio namba 17.